Tajiri amenipiga kwa kipande cha mbao, kisha amenikata shilingi 200,000 kwa kosa lisilo langu

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ni fundi seremala katika karakana ya watu watano hapa Keko, Dar es Salaam, na nimefanya kazi hapo miaka miwili na miezi saba bila mkataba wa maandishi, kwa mshahara wa 350,000 unaoingia kwenye simu kila mwisho wa mwezi. Mwezi uliopita tajiri alileta mbao za nyumba iliyobomolewa, na nilipomwambia kwamba zikaguliwe misumari kwanza, alinijibu kwamba mteja anasubiri kitanda. Ubao wa tatu ulikuwa na msumari uliozama ndani, ukavunja visu vya mashine ya kuranda. Siku ya mshahara nilipokea 150,000. Jumatano iliyopita nilipomuuliza alinitukana mbele ya wateja, akanipiga begani kwa kipande cha mkongo. Hapa hakuna ofisi ya utumishi. Wa kumlalamikia ni yeye mwenyewe. Nifanye nini?

Mpiga Randa: Pole sana. Ondoka leo hii, kisha umshitaki kwamba amekuachisha kazi kwa uonevu, kwa kuwa sheria inasema mwajiri akikufanyia mateso ni sawa na kukufukuza. Ila bila mkataba wa maandishi sidhani kama utasikilizwa.

Karani Mstaafu: Ndugu Mpiga Randa, la kwanza ni kweli nusu, na la pili si sahihi. Mwajiri ndiye anayetakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na asipoyatoa, ukitokea mgogoro yeye ndiye hubeba mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwaje. Zile jumbe za mshahara kwenye simu zinaonyesha ajira ipo, kwa hiyo kijana asizifute.

Kuhusu kuondoka, ni kweli kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike, kuacha kwako kunaweza kuhesabiwa kuwa umeachishwa. Lakini wewe ndiye utakayethibitisha kwamba haikuvumilika, na swali la kwanza utakaloulizwa ni kama ulilalamika kabla ya kuondoka. Ukitoka kimya leo, tajiri atasema umetoroka kazini.

Kwa hiyo, kijana wangu, tenganisha mambo mawili. Kipigo ni jinai: nenda polisi leo, uchukue PF3 kabla ya kuingia hospitali, maana siku zinapita na alama ya begani inafifia. Makato ni mgogoro wa kazi. Mwajiri anaruhusiwa kukata fidia ya uharibifu pale tu ambapo kosa ni lako, amekuandikia sababu na hesabu ya deni, na amekupa nafasi ya kupinga. Hata hivyo makato hayo hayapaswi kuzidi robo ya mshahara, ambayo kwako ni 87,500. Yeye amekata zaidi ya nusu, kwa msumari ulioutahadharisha.

Mwandikie ujumbe wa simu, bila matusi, ukieleza tarehe, msumari, kiasi alichokata na kipigo, na umwombe arejeshe fedha. Akikataa, jaza Fomu Namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mpe nakala asaini kuwa amepokea, ndipo uipeleke Tume. Akikataa kusaini, itume kwa posta ya rejista na utunze risiti. Hutozwi ada. Dai la makato lina siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, lakini la kuachishwa kazi lina siku 30 tu, na hapo ndipo wengi hukwama.

Dada wa Dukani: Samahani kwa kuingilia. Mimi niliuza vitenge Kariakoo miezi mitano, nikafukuzwa kwa upungufu wa fedha za mauzo, na mshahara wa mwisho sikupewa. Je, nami nidai kufukuzwa kwa uonevu?

Karani Mstaafu: Binti, aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kudai hilo. Mshahara wako usiolipwa unaweza kuudai, mradi siku 60 hazijapita.

Mwanzisha uzi: Shikamoo, Mzee, na ahsante. Kuna jambo sikulisema: nalala katika chumba cha nyuma ya karakana, ambacho ni chake. Wenzangu wawili walioona kipigo wana familia, na mmoja amekwisha niambia hatasimama kuwa shahidi.

Karani Mstaafu: Marahaba. La chumba ni gumu, na sitakudanganya kwamba Tume italitatua kwa wiki moja. Tafuta pa kuhifadhi vyombo vyako na simu kabla ya kumpa fomu.

Mwanzisha uzi: PF3 ninayo, na daktari ameandika jeraha. Ujumbe nimeutuma saa mbili usiku; ameusoma na hajajibu. Randa na patasi zangu nimezipeleka kwa shangazi Temeke.