Kikundi cha ukoo: Juma anajipanga mapema

Juma: Shikamooni wakubwa. Gereji kwetu hapa Morogoro malori 11 yameegeshwa mwezi wa pili sasa, mizigo hakuna. Bosi hajasema kitu, ila nataka nijipange mapema. Mshahara wa msingi 780,000, nina miaka 6 kamili pale. Nianzie wapi?

Baba Mkubwa: Marahaba. Pole sana mwanangu. Wamekutoa lini? Njoo Kilosa, shamba lipo.

Juma: Bado niko kazini baba mkubwa. Naogopa tu kukutwa sina kitu.

Kaka Sefu: Usihofu mdogo wangu. Ukitoka unakwenda NSSF unachukua michango yako yote kwa mkupuo. Mimi nilichukua 2015, nikanunua bodaboda.

Dada Mwanaidi: Sefu, wewe ulichukua kwa utaratibu wa zamani. Sheria ya 2018 ilileta fao la kukosa ajira. Aliyechangia miezi 18 au zaidi anapewa theluthi ya mshahara kila mwezi, kwa miezi 6. Juma, kwako ni kama 260,000 kwa mwezi. Na halitolewi kwa mtu aliyeacha kazi mwenyewe, hapo ndipo wengi wanapokwama.

Juma: Kuna jamaa waliambiwa na msimamizi waandike barua za kuacha kazi ili "watoke vizuri".

Dada Mwanaidi: Usiandike hiyo barua hata ukibembelezwa! Ukiiandika unakosa fao, na kiinua mgongo pia kinapotea. Hesabu yake ni hii: mnafanya kazi siku 6 kwa wiki, kwa hiyo gawa 780,000 kwa 26, unapata 30,000 kwa siku. Sheria inataka mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Siku 7 ni 210,000, mara miaka 6 ni 1,260,000. Posho haziingii humo. Juu yake kuna notisi ya siku 28 au malipo yake, na likizo ambayo hujaenda.

Shemeji Anna: Naomba niongeze langu. Mimi nilipopunguzwa nilikuta mwajiri ananikata kila mwezi lakini miezi 5 hajapeleka NSSF. Nilihangaika karibu miezi 3 kumfuatilia na sina hata nauli. Juma, omba taarifa ya michango yako leo, uilinganishe na stakabadhi za mshahara mwezi kwa mwezi. Ukiwa bado ndani ni rahisi kumuuliza mhasibu.

Juma: Hilo sikuwahi kuliwaza. Stakabadhi nyingine nimetupa.

Shemeji Anna: Zilizobaki piga picha, na mkataba pia, ujitumie kwenye simu yako mwenyewe. Usiziache kwenye kompyuta ya ofisi.

Dada Mwanaidi: Na wakikutoa isivyo halali, siku zako 30 za kupeleka malalamiko CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, zinahesabiwa tangu siku uliyotolewa. Usizimalize ukisubiri wakuonee huruma.

Sasa akiba. Mwezi wa kubana kabisa, kodi, chakula na shule, mnatumia ngapi?

Juma: Kama 430,000.

Dada Mwanaidi: Basi lenga miezi 3 kwanza, 1,290,000. Hiyo ndiyo itakayowalisha wakati karatasi zinazunguka. Unayo ngapi?

Juma: 600,000, iko kwenye kikoba.

Mama Mdogo Zuhura: Kikoba chetu hela haitoki mpaka tugawane Desemba jamani. Mwezi wa 5 nilikuwa na 800,000 yangu humo na mtoto kalazwa, nikaishia kukopa hela yangu mwenyewe kwa riba.

Dada Mwanaidi: Ndiyo maana. Kikoba endelea nacho kidogo, ila akiba mpya weka inapotoka haraka. Mimi natumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ule wa uwekezaji wa pamoja, ukiomba hela ndani ya siku 3 za kazi inakuja.

Kaka Sefu: Hapo nakubali. Lakini ana mkopo wa SACCOS 900,000. Si angeulipa kwanza?

Dada Mwanaidi: Mimi ningeshika akiba. Mkopo anaendelea kulipa kama kawaida.

Kaka Sefu: Na wakiukata wote kwenye kiinua mgongo? Atabaki na 360,000.

Dada Mwanaidi: Hapo inategemea alichosaini. Juma, soma fomu ya mkopo kabla hatujabishana zaidi.

Baba Mkubwa: Na ufundi wake je? Kajifunzia chini ya malori, cheti hana.

Juma: Kweli baba mkubwa. Kila gereji kubwa wanaulizia cheti.

Shemeji Anna: VETA wana utambuzi wa ujuzi, wanakupima ulichojifunza kazini. Kaulize tarehe za kujiandikisha. Halafu wale wenzako waliotoka pale wakaenda gereji nyingine, bado mnaongea?

Juma: Wawili. Mmoja yuko Dodoma.

Shemeji Anna: Mpigie wiki hii, usiombe kazi. Muulize wanatengeneza magari gani na fundi wa nini anawasumbua kumpata. Akisema umeme wa malori mapya, umejua cha kusomea.

Juma: Nimempigia. Kasema mashine ya kusomea hitilafu, mafundi wanaoielewa ni wachache. Kesho naanza na taarifa ya michango, fomu ya SACCOS naituma humu jioni.