Naomba ushauri: namba za kwenye makreti, maelezo ya Kiarabu

Habari wakuu. Niko Njiro, Arusha. Tunapeleka meza za mninga Maskati, na kila kreti likishapigwa rangi kwa kibati kilichotobolewa nalipiga picha, kisha naandika maelezo ya Kiarabu chini yake kwa vijana wa ghala kule.

Alama za mishale ya juu, glasi na mwavuli hazisumbui. Shida ni namba. Kreti limeandikwa 3/8, la tatu kati ya manane. Nikiacha nafasi, 3 / 8, ndani ya sentensi ya Kiarabu kompyuta inageuza: inatokea 8 / 3! Naona niandike kwa maneno tu, "kreti la 3, jumla 8".

Kubwa zaidi ni alama ya kupanga makreti juu kwa juu, yenye 2 katikati. Kwa ISO 780 ya mwaka 2015, kiwango cha kimataifa cha alama za mizigo, hiyo 2 ni makreti mawili juu ya lile la chini, yaani rundo la matatu. Wengine huhesabu na la chini. Je, "juu yake mawili tu" inatosha, au nichore rundo? Na tarakimu: nitumie zao, au hizihizi zilizo kwenye mbao ili walinganishe na picha?