Tupeane uzoefu: gauni za rayoni na viskosi mnazifuaje zisirudi wala zisivutike?

MamaWaSakina
Habari za jioni wapendwa. Niko Arusha, Sakina. Mwezi wa 6 nilishonewa gauni refu la rayoni, laini, linaanguka vizuri mwilini, na ndani likawekwa bitana. Nimelivaa mara moja tu, kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Binti anayenisaidia akalifua kama tunavyofua mashuka: akaliloweka usiku kucha, akafikicha kwapani, akalisokota kukamua maji, akalibana kambani kwa mabegani.

Lilipokauka, mabega yamevutika yamekuwa kama ya mtu mwingine, lakini chini gauni limeruka hadi bitana inachungulia vidole vitatu. Kwapani nyuzi zimeachana. Binti sijamsema, maana hata mimi ningefua hivyohivyo. Ninachouliza, nguo moja inawezaje kuvutika na kurudi kwa wakati mmoja? Yaliyowakuta tafadhali, na mnafuaje sasa.

MangiKiboriloni
Pole dada. Hayo ni maji ya moto. Mimi nina shati la viskosi nililonunua mtumba Memorial, nalifua kwa maji baridi mwaka wa tatu huu na halijarudi hata kidogo. Fua kwa baridi, utakuja kunishukuru.

MamaWaSakina
Kaka, yalikuwa maji ya bomba, Arusha, mwezi wa 6. Yanauma vidole.

FundiWaMoshi
Mangi amegusa upande mmoja. Maji ya moto yanaongeza tatizo, ila hata ya baridi yanatosha kulileta. Shati lako halirudi kwa sababu mwenyewe wa kwanza alishalifua mara nyingi kabla halijafika Memorial. Lilirudi mikononi mwake, wewe ukalipima likiwa limeshatulia.

Mama, nianze na kwapani. Rayoni nyingi ni viskosi kwa jina lingine. Asili yake ni mti: rojo ya mbao inayeyushwa kwa magadi makali na kemikali nyingine, halafu inasukumwa kwenye vitundu vidogo sana iingie kwenye tindikali, inaganda na kuwa uzi. Pamba nayo asili yake ni ileile ya mmea, lakini imejijenga yenyewe shambani: ndani ya unyuzi wake kuna minyororo mirefu iliyolala kwa mpangilio. Ya viskosi imekatikakatika wakati wa kuyeyushwa, imekuwa mifupi, na haikupangika vizuri ilipoganda. Ikiwa kavu inashikana vya kutosha. Maji yakiingia yanajipenyeza katikati na kuiachanisha, na kwa kuwa ni mifupi, inateleza. Viskosi ya kawaida ikilowa inapoteza kati ya theluthi na nusu ya nguvu yake. Ikikauka, nguvu inarejea. Kwa hiyo binti hakufikicha kitambaa kibovu, alifikicha kitambaa kizuri katika saa yake mbaya.

Ukitaka kuona mwenyewe, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, ulambe katikati, uvute polepole pande mbili. Wa viskosi utakatikia pale palipolowa. Mimi nafanya hivi dukani kabla sijamkubalia mteja kwamba kitambaa chake ni pamba.

NeemaNjiro
Na kitenge kinachochuja rangi nakifanyaje? Kimenichafulia blauzi nyeupe.

FundiWaMoshi
Dada Neema, hiyo ni ya rangi, mada nyingine. Kifue peke yake. Ila kitenge cha pamba kinatusaidia hapa: pamba ikilowa haidhoofiki, inaongezeka nguvu kidogo. Ndiyo maana bibi zetu walipiga nguo kwenye jiwe mtoni na zikadumu. Mikono yetu imejifunza kufua kwa pamba, tunaipelekea viskosi mazoea yaleyale.

Sasa kuvutika na kurudi. Kiwandani kitambaa kinapitishwa kwenye mashine kikiwa kimevutwa kwa urefu, na kinakauka hivyohivyo. Siku ya kwanza kinapolowa nyumbani, ule mvuto unaachia. Pia viskosi inakunywa maji mengi kuliko pamba, kila uzi unavimba, na uzi ulionenepa unatumia urefu zaidi kuzunguka wenzake, basi kitambaa kinajivuta ndani. Hapo ndipo panaporuka. Wakati huohuo maji yote yale ni uzito, na uzito wote umening'inia kwenye vibanio viwili, juu ya nyuzi zilizolegea. Hapo panavutika. Bitana yako bila shaka ni polista, yenyewe haijali maji, ikabaki pale pale.

DobiMstaafu
Nimefanya kazi ya udobi hotelini miaka mingi. Wenzangu, kosa kubwa ni kuloweka usiku kucha na kusokota. Nguo hizi nilizigeuza ndani nje, maji ya baridi au vuguvugu kwenye beseni pana, sabuni laini iyeyushwe kwanza, nguo ikae dakika 5 hadi 10. Unaibonyeza kwa viganja, huifikichi. Kwapani unapapasa kwa povu. Kuitoa usiinyanyue kwa mabega, weka mikono miwili chini yake uibebe kama mtoto. Baada ya kusuuza, itandaze juu ya taulo kavu, uviringishe pamoja kama mkeka, ukandamize. Taulo linakunywa maji, nguo haiumii.

Kuanika ni kulaza kivulini. Pasi ipite ikiwa bado na unyevunyevu, kwa ndani, moto wa wastani, huku unainyoosha kwa kiganja kuelekea urefu wake. Mashine ya kufua pia inafaa, nguo ikiwa ndani ya mfuko wa wavu na mzunguko mpole.

FundiWaMoshi
Mzee, shikamoo. Kwenye mashine tunatofautiana. Nimeletewa gauni zilizotoka kwenye mfuko huohuo zimepinda mishono, kwa sababu ya kule kuzungushwa kukamua.

DobiMstaafu
Marahaba. Ukizima ule mzunguko wa kukamua, haipindi. Nimeona kwa macho yangu.

MamaWaSakina
Na fundi wangu angezuia vipi?

FundiWaMoshi
Kwa kulowesha kitambaa kabla ya mkasi. Majuzi mteja kaniletea mita 3. Nilishona alama kwa uzi wa rangi, mraba wa sentimita 50 kwa 50. Nikalowesha, nikalaza, kikakauka. Kwa urefu nikapima 47, kwa upana 49. Gauni la sentimita 140 lingepoteza zaidi ya 8. Nikapiga pasi kikiwa na unyevu, urefu ukafika 48 na nusu, haukuvuka hapo. Nilikata baada ya hapo, na nikaacha upindo mpana, maana fuo la pili huwa linachukua tena kidogo.

MamaWaSakina
Nimerudi baada ya wiki. Nililowesha gauni kwa maji vuguvugu, nikaliviringisha kwenye taulo, nikalilaza mezani na kulivuta kwa viganja, kidogo kidogo, kisha pasi. Lilikuwa na 134, sasa lina 138. Lilishonwa 141. Mabega yamepungua upana lakini hayajakaa kama mwanzo. Bitana nimepandisha. Kwapani fundi wangu amebandika kipande kwa ndani, amesema nyuzi zilizoachana hazirudishiki.

MangiKiboriloni
Hongera dada. Shemeji yako hapa anasema angeweka ile krimu ya kulainishia nywele kwenye maji, nguo inavutika vizuri zaidi.

FundiWaMoshi
Inateleza mkononi, hilo kweli. Kama inaongeza hata sentimita moja kuliko maji matupu, sijawahi kupima. Kuna mtu ana vipande viwili vya kitambaa kimoja ajaribu?

NeemaNjiro
Ninavyo, vimebaki kwenye dera langu. Nipe siku mbili.