Tupeane uzoefu: TLD na vidonge vya damu kwa tunaotafuta mtoto

MamaPongwe: Wenzangu wa Tanga na kwingineko, hamjambo? Natumia TLD, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, virusi havionekani muda mrefu sasa, na mume wangu nami tumeamua kutafuta mtoto. Kliniki wamenipa vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki asidi nianze mapema. TLD nakunywa saa 3 usiku. Jirani kaniambia viwili hivyo havipatani kabisa. Mliopitia haya, mlipangaje saa? Na ile habari ya watoto kuzaliwa na kasoro kwa mama wanaotumia dawa hii iliishia wapi?

Mwanachumbageni: Usithubutu kuchanganya dada, chuma kinaua dawa. Mimi nilivyosikia hivyo vidonge vya damu niliviweka kando mpaka nikajifungua.

Muuguzi Mstaafu: Mwanachumbageni mwanangu, umepatia nusu, na hiyo nusu nyingine ina hatari, maana mjamzito akipungukiwa damu anaumia yeye na mtoto. Chuma hakiui dawa, kinaishika. Dolutegravir iliyo ndani ya TLD hushikamana na madini tumboni, na ikishashikamana haipenyi utumbo, inatoka na choo. Watu wazima wenye afya walipopimwa, waliokunywa pamoja na chuma tumbo likiwa tupu dawa mwilini ilipungua kwa asilimia 54, na kwa kalisiamu asilimia 39. Walipokunywa pamoja na mlo, upungufu huo haukuonekana.

Kwa hiyo njia ni mbili. Unakula, unakunywa vyote pamoja na mlo. Au, kama hujala, TLD itangulie angalau saa 2 kabla ya madini, ama isubiri saa 6 baada yake. MamaPongwe, wewe una bahati na saa zako: vidonge vya damu saa 2 asubuhi, TLD saa 3 usiku kama kawaida. Huna haja ya kuhamisha dawa uliyoizoea. Ila asubuhi usivishushie na chai ya rangi, chai nayo inazuia chuma kisiingie vizuri. Tumia maji, chai uinywe baadaye.

DadaWaMuheza: Nathibitisha kwa yaliyompata mdogo wangu. Anakwenda shamba alfajiri, hivyo TLD, vidonge vya damu na vya kalisiamu alikuwa anavimeza vyote kwa mkupuo na maji matupu, ndipo anaondoka. Chakula mpaka mchana. Hakuruka siku hata moja. Kipimo cha wingi wa virusi kikatoka 640 wakati kabla vilikuwa havionekani. Kliniki wakamhesabia vidonge, hesabu ikawa sawa, wakamshuku anavitupa. Alilia sana. Mshauri mmoja ndiye aliyemuuliza, "Asubuhi unakunywa na nini kingine?" Wakampangia TLD jioni pamoja na bada na samaki, madini mchana. Waliporudia kipimo baada ya miezi 3, virusi havikuonekana.

MamaPongwe: Masikini, pole yake. Kumbe kuhesabu vidonge peke yake hakutoshi.

BabaZena: Mimi mwanamume, mimba hainihusu, lakini nina kiungulia na nakunywa ile dawa nyeupe ya maji. Nikila kwanza si nitakuwa salama?

Muuguzi Mstaafu: Hapana baba, hapo chakula hakikuokoi. Zile zenye magnesiamu na aluminiamu zinaishika dawa kwa nguvu zaidi. Wewe fuata saa tu: TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada.

Nirudi kwa swali la watoto. Mwaka 2018 Botswana, kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa kwenye dolutegravir, watoto 4 walikuwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Ndipo hofu ilipoenea, wanawake wengi wakazuiwa dawa hii. Hesabu ikaendelea kwa maelfu ya mama, na tofauti ikafifia hadi kulingana na dawa nyingine. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2019 hata kwa wanaotaka kuzaa. Foliki asidi uianze kabla ya mimba, kwa sababu uti wa mgongo hujifunga wiki za mwanzo, wengi wakiwa bado hawajajua kama wana mimba. Yenyewe haishiki dawa, ni kile chuma kilichomo pamoja nayo.

Zuhura wa Raskazone: Mimi linalonitesa ni mwili. Tangu nihamishwe kutoka dawa ya efavirenzi kuja TLD nguo zote zimenibana. Nirudishwe huko kabla sijabeba mimba?

Mwanachumbageni: Huo unene ni afya inarudi, mshukuru Mungu.

Muuguzi Mstaafu: Kwa aliyeanza dawa akiwa amekonda, ndiyo. Zuhura hakuwa amekonda. Inaonekana efavirenzi ilikuwa inauzuia mwili wa baadhi ya watu usiongezeke, ukiiacha uzito unakuja. Lakini hiyo haielezi kila kitu, na wanawake wameongezeka kuliko wanaume. Usihame kwa ajili hiyo tu wala usiache dawa. Kabla ya mimba pima uzito, presha na sukari, viandikwe kwenye kadi yako.

Zuhura wa Raskazone: Nitapima. Kuna aliyebeba mimba akiwa tayari ameongezeka hivi? Baada ya kujifungua uzito ulishuka, au ulibaki?