Shiti ya kufuatilia mawakala wa ajira: rangi nyekundu haitokei, na nipange kwa wakala au kwa kazi?

Lanet_Stoo
Habari za jioni ndugu zangu. Natafuta kazi ya stoo au ununuzi. Niko Nakuru, ila Naivasha, Eldoret na Kisumu niko tayari kuhamia. Mawakala wengi wanaonipigia wako Nairobi, na wengine wananipigia kwa kazi zaidi ya moja. Nimefungua Google Sheets yenye jina la wakala, simu, siku tuliyoongea na siku ya kumfuatilia, mstari mmoja kwa kila wakala.

Shida ni tatu. Niliweka rangi nyekundu siku ya kufuatilia ikifika, lakini baadhi ya mistari haigeuki kamwe. Tarehe nyingine zimekaa kushoto mwa seli, nyingine kulia. Na namba za simu zimepoteza sifuri ya mbele. Pia naomba kujua, mtu husubiri siku ngapi kabla ya kupiga tena?

Kondele_Data
Karibu. Hayo ya kushoto na kulia ndiyo yanayokuonyesha ugonjwa wenyewe. Shiti yako iko katika mpangilio wa Marekani, unaoanza na mwezi. Ukiandika 30/3/2026, inatafuta mwezi wa 30, inaukosa, na kuyaacha uliyoandika kama maneno matupu. Maneno hukaa kushoto. Sheets huhesabu maneno kuwa makubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo sharti la "ndogo kuliko au sawa na leo" halitatimia hata mwaka upite.

Hatari zaidi ni zile za kulia, kwa sababu zinaonekana nzima. Ukiandika 8/4/2026 ukimaanisha tarehe 8 Aprili, imehifadhiwa kuwa tarehe 4 Agosti. Wakala atakuwa amekusahau zamani siku hiyo rangi ikiwaka. Tarehe zote za siku ya 1 hadi 12 zinageuzwa hivyo kimyakimya, isipokuwa pale siku na mwezi vinapolingana.

Nenda kwenye kompyuta, fungua `File > Settings`, weka `Locale` iwe `United Kingdom` na `Time zone` iwe ya Nairobi. Saa nayo ina maana, kwa kuwa "leo" ya shiti hufuata saa za eneo ulilochagua. Baada ya hapo ziandike upya tarehe za zamani moja moja, kwa sababu kubadilisha mpangilio hakurudishi Agosti kuwa Aprili. Mwisho, chagua safu za tarehe, ingia `Data > Data validation`, weka `Is valid date` na `Reject the input`. Ukikosea, itakataa palepale.

Simu: chagua safu nzima kisha `Format > Number > Plain text` kabla ya kuandika. Sifuri zilizokwisha kupotea utaziandika tena kwa mkono.

Mwalimu_Bungoma
Amesema kweli kuhusu tarehe. Mimi naongeza njia rahisi. Kwenye siku mliyoongea usiandike chochote kwa mkono, weka `=TODAY()`, na kwenye siku ya kufuatilia jumlisha saba. Hakuna kukosea siku na mwezi.

Kondele_Data
Mwalimu, kujumlisha siku ni sawa kabisa, lakini `=TODAY()` isiwekwe hapo. Fomula hiyo huhesabiwa upya kila siku. Kesho itasema mliongea kesho, keshokutwa vivyo hivyo, na siku ya kufuatilia itabaki siku saba mbele daima. Hakuna mstari utakaowaka. Unachotaka ni tarehe isiyosogea. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na alama ya nuktamkato (;) na tarehe ya leo itaandikwa na kubaki ilivyo. Kwenye simu iandike tu.

Sasa mpangilio. Nashauri mstari mmoja uwe wa kazi moja kupitia wakala mmoja. Wakala akikuletea kazi mbili, jina lake lionekane mara mbili. Safu zangu ni hizi: A mwajiri, B kazi, C wakala, D simu, E siku ya mawasiliano ya mwisho, F siku aliyoahidi jibu, G siku ya kufuatilia, H hali, I maelezo. Ukurasa wa pili uite `Sikukuu`, na safu yake ya A, kuanzia mstari wa pili, iwe na tarehe za sikukuu za Kenya. Kwenye G2 weka hii, kisha ivute hadi chini:

```
=IF(OR(E2="",H2="Imefungwa"),"",WORKDAY(MAX(E2,F2),IF(F2>E2,1,5),Sikukuu!$A$2:$A$20))
```

Inafanya hivi. Kama wakala ameahidi siku, unafuatilia siku moja ya kazi baada ya ahadi yake. Kama hakuahidi, unahesabiwa siku tano za kazi tangu mlipowasiliana. Ile `E2=""` usiitoe: bila hiyo, kila mstari mtupu utaonyesha tarehe ya Januari 1900 na shiti nzima itawaka.

Tuchukue mfano. Wakala anakupigia Jumatatu tarehe 30 Machi 2026 kuhusu kazi ya stoo katika shamba la maua Naivasha, na hasemi lini atarudi. Siku tano za kazi bila sikukuu zingeangukia Jumatatu tarehe 6 Aprili, ambayo ni Jumatatu ya Pasaka, ofisi imefungwa. Ukiwa umeorodhesha tarehe 3 na 6 Aprili kwenye `Sikukuu`, G inasema Jumatano tarehe 8. Angesema "nitakujulisha Alhamisi", ungeandika 2/4/2026 kwenye F, na G ingesema Jumanne tarehe 7.

Umempigia siku hiyo ya 7, amekuambia meneja bado hajarudi. Badilisha E tu iwe 7/4/2026. Ahadi ya zamani iache palepale, kwa sababu sasa ni ndogo kuliko E na fomula inaipuuza. G inahamia tarehe 14 yenyewe.

Idi lazima uiongeze kwa mkono inapotangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, maana haina tarehe ya kudumu. Rangi nayo iwekee `Custom formula is`, kwenye eneo A2:I300:

```
=AND($G2<>"",$G2<=TODAY())
```

Dada_Kakamega
Samahani kuingilia. Mimi nina wakala anayenitafutia kazi ya nyumbani kule Ghuba, na kila nikimpigia anasema nilipe kwanza ya kushughulikia faili. Kwenye shiti hii nimwandike wapi, na nimfuatilie baada ya siku ngapi?

Section58_Ajira
Dada, hilo ni swali lingine na ni zito zaidi. Usimfuatilie kwanza, mthibitishe. Wakala binafsi wa ajira Kenya anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha ya waliosajiliwa iko kwenye tovuti yao. Tafuta jina kamili la kampuni lililo kwenye karatasi zake, siyo jina la mtu anayekupigia. Usipoliona, usitoe pesa wala pasipoti. Kwenye shiti ongeza safu moja, "NEA: ndiyo/bado", na mwenye "bado" asiingizwe tarehe ya kufuatilia kabisa.

Kwa Lanet_Stoo: nimekaa upande wa kupokea wasifu, na jambo ambalo hukuliuliza ndilo linaloharibu zaidi. Mawakala wawili wakimpelekea mwajiri mmoja wasifu wako kwa kazi ileile, mwajiri anaona ugomvi wa nani alipwe ada. Wengine humwacha mwombaji huyo pembeni kuliko kuamua. Kwa hiyo safu ya A iwe ya mwajiri, kama alivyopanga Kondele_Data, na uiongezee rangi ya machungwa jina likijirudia:

```
=AND($A2<>"",COUNTIF($A$2:$A$300,$A2)>1)
```

Iweke kwenye A2:A300, na uipandishe juu ya ile nyekundu katika orodha ya masharti, la sivyo nyekundu itaifunika. Itakamata tu majina yaliyoandikwa sawa. Herufi kubwa na ndogo haijali, ila nafasi iliyobaki mwishoni mwa jina inatosha kuipoteza. Zisafishe kwa `Data > Data cleanup > Trim whitespace`.

Na wakala akisema "mteja wetu hataki kutajwa", usikubali wasifu uende. Mwambie hivi: "Sina tatizo na siri, ila nahitaji jina kabla hujaupeleka, nisije nikawa nimeshapelekwa na mwingine." Wakala makini atakutajia kwa simu. Andika kwenye I siku uliyomruhusu, maana ndiyo itakayoamua nani alikuwa wa kwanza ukija kuulizwa.

Mwalimu_Bungoma
Nimeelewa kuhusu `=TODAY()`, asante Kondele_Data. Lakini siku tano naona ni haraka. Wakala mwenye kazi nyingi atakuona msumbufu. Saba, tena za kazi.

Section58_Ajira
Inategemea kazi. Kazi ya stoo msimu wa mavuno hujazwa upesi, na siku saba za kazi ni karibu wiki moja na nusu. Kazi ya meneja, saba ni sawa. Mimi ningeacha tano kwa simu ya kwanza, lakini sitabishana na anayeweka saba. Ninachosisitiza ni kwamba baada ya kufuatilia mara tatu bila jibu lolote, H iandikwe "Imefungwa" na mstari ubaki. Usiufute, kwa sababu jina la mwajiri bado linahitajika kwa ile rangi ya machungwa.

Lanet_Stoo
Shukrani sana. Nimebadilisha `Locale`, na kweli nilikuwa na tarehe za Septemba na Oktoba ambazo sikuziandika mimi. Kitu kimoja: kompyuta ninayo ya saibakafe tu. Siku nyingi niko na simu, na shiti hainikumbushi kwa sauti.

Kondele_Data
Haitakukumbusha, haijui kulia. Weka kengele moja ya simu saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, yenye jina "fungua shiti". Moja inatosha, kwa sababu kazi ya kuchagua nani apigiwe inafanywa na fomula. Ukiwa saibakafe tengeneza ukurasa wa tatu, uite `Leo`, na kwenye A1 weka:

```
=IFERROR(SORT(FILTER(Maombi!A2:I300,Maombi!G2:G300<>"",Maombi!G2:G300<=TODAY()),7,TRUE),"Hakuna leo")
```

`Maombi` ni jina la ukurasa wako wa kwanza, ubadilishe kama unaitwa vingine. Safu za E, F na G za ukurasa wa `Leo` zipe `Format > Number > Date`, vinginevyo unaweza kuona namba kama 46120 badala ya tarehe. Aliyechelewa zaidi atakuwa juu. Usiandike chochote kwenye ukurasa huo, hata neno moja. Ukiandika mahali matokeo yanapotakiwa kushuka, orodha yote inatoweka, hata kama wapo watu watano. Marekebisho yote yafanyie `Maombi`.

Kwenye simu bonyeza nukta tatu za faili na uchague `Make available offline`, ili ifunguke hata bando likiisha. Na kabla hujatoka saibakafe, toka kwenye akaunti yako. Humo mna namba za simu za watu.

Mwalimu_Bungoma
Swali la mwisho kwa Section58_Ajira. Wakala akikuandikia WhatsApp "tuko pamoja, subiri", hayo ni mawasiliano ya kubadilisha E, au ni ya kupuuza?

Section58_Ajira
Mimi nabadilisha E, kwa kuwa amejibu. Ila simhesabii kama jibu katika zile mara tatu.

Kondele_Data
Mimi sibadilishi. E naibadilisha tu nikipata habari mpya: siku, jina la meneja, au mahojiano. La sivyo "subiri" nne zinakusogeza mwezi mzima na mstari haujawaka hata mara moja.