Yule muuza flashi wa stendi kanidhalilisha mbele za watu: "Dada, flashi haina shida, shida ni wewe"

MamaStesheneri
Wakuu naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira. Yule jamaa wa flashi pale stendi, mnamjua wote, mwenye spika mlangoni inayoweza kuamsha maiti, kanijibu mbele ya wateja wake wote eti "dada, flashi haina shida, shida ni wewe". SHIDA NI MIMI! Mimi ninayekopi vitu vya watu dukani kwangu toka asubuhi mpaka usiku!

Iko hivi. Kaniuzia flashi ya GB 64, boksi limeandikwa USB 3.0 na 130MB/s kwa maandishi makubwa kama bango la kampeni. Mteja wangu kaleta video ya mahafali, faili moja la GB 9, pamoja na folda la mfumo wa matokeo wa shule yao, ndani mna mafaili karibu 22,000 madogo madogo, yote kwa pamoja hayazidi MB 600. Nikaanza na video. Ikaondoka na 210 MB kwa sekunde, mwenyewe nikasema leo nimepata kitu. Kufika kama GB 1.5 ikaporomoka hadi 28. Ilipopita GB 5 ikaporomoka tena hadi 4, NNE, ikakaa hapo kama imelipwa ikae. GB 4 zilizobaki zikachukua zaidi ya robo saa. Ndo nikaweka hilo folda sasa, mafaili matano kwa sekunde, mteja kakaa pale zaidi ya saa nzima mpaka kaishiwa stori.

Narudisha flashi kwa adabu zangu zote, jamaa hata hajaishika, kaangalia watu, kacheka, kasema shida ni wewe. Yani mbele za watu. Mpaka yule wa kuuza karanga kacheka.

Kipanga_Og
Hahaha pole mama, ila karanga ulinunua?

MamaStesheneri
Sinunui kwa mtu anayenicheka. Nijibuni, shida ni mimi?

JembeLaZamani
Shida si wewe, ni Windows hiyo. Inapokea data kwenye RAM kwanza halafu inaimwaga polepole, ndo maana mwanzo inakimbia. Suluhisho jepesi, fomati FAT32 halafu nenda Device Manager uiweke Better performance, utaona inavyoruka.

MamaStesheneri
Better performance kijana wangu wa dukani alishaiweka tulivyoipachika tu asubuhi. Haijaruka popote.

FundiKimya
Mama, flashi umeichomeka tundu gani? Jeusi la mbele au la bluu?

MamaStesheneri
Jeusi la mbele, ya nyuma siyafikii meza iko ukutani.

FundiKimya
Basi ile 210 haikuwahi kufika kwenye flashi. Tundu jeusi kwa kawaida ni USB 2.0, na hilo hata uchomeke flashi ya dhahabu halipitishi zaidi ya MB 35 au 40 kwa sekunde. Kwahiyo hapo Jembe yuko sawa, GB 1.5 za mwanzo ziliingia RAM, na kompyuta ikakuhesabia kana kwamba zimeshaandikwa. RAM iliyotengwa ilipojaa ndo ukaanza kuona mwendo wa kweli, 28. Hapo ni tundu.

Ila kuporomoka kwa pili, toka 28 kwenda 4, hiyo haihusiani na Windows, hiyo ni chipu ya bei rahisi. Flashi nyingi zina sehemu inayoandikwa haraka haraka, biti moja kwenye kila seli. Sehemu hiyo ikijaa chipu inalazimika kubana biti tatu au nne kwenye seli moja, na kuandika hivyo ni taratibu sana. Yako inaonekana inaishiwa pumzi karibu na GB 5. Ukitaka kuhakikisha, futa, iache ipumzike, halafu kopi faili moja kubwa kwenye tundu la bluu la nyuma. Ile 28 itapanda, lakini kama bado inaangukia 4 huko mbele ujue ni chipu, na hakuna setingi itakayoitibu.

Better performance haiongezi mwendo wa chipu hata kidogo. Inarefusha tu ule muda wa kudanganywa, na ukichomoa bila Eject wakati RAM bado inamwaga, video ya mteja inakatika.

JembeLaZamani
Sawa mkuu, ila FAT32 ni nyepesi, hapo hubishi.

FundiKimya
FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Video yake ni GB 9. Angeambiwa faili ni kubwa mno kabla hata hajaanza.

MamaStesheneri
Kwahiyo boksi limenidanganya na jamaa kanitukana juu. SHIDA NI WEWE. Mbele ya watu.

FundiKimya
Soma maandishi madogo nyuma ya boksi. Mara nyingi 130 hiyo ni ya kusoma, siyo ya kuandika, na kuna "hadi" mbele yake.

MamaStesheneri
Nimeangalia. Ipo, "up to", na read. Herufi za kusomwa na sisimizi. Sasa na lile folda?

FundiKimya
Hilo ni jambo lingine kabisa. Kila faili, hata la KB 3, flashi inaandika data, inaandika jina lake kwenye folda, inarekebisha na jedwali la nafasi. Na chipu haifuti kipande kidogo, inafuta bloku zima kubwa, kwahiyo kwa mabadiliko madogo inahamisha vitu vingi. Zidisha mara 22,000. Usikopi folda likiwa wazi. Tumia 7-Zip, kwenye Compression level chagua Store, litoke faili moja, tengenezea kwenye diski ya kompyuta halafu ndo upeleke kwenye flashi. MB 600 hata kwa MB 4 kwa sekunde ni dakika mbili na nusu. Mteja akifika kwake aikopi kwenye kompyuta kwanza ndo aifungue, asifungulie ndani ya flashi, atarudi kule kule.

MwlWaMbali
Samahani kuingilia, mimi natumia Ubuntu, yangu inafika 100% inaganda hapo hapo, nachomoa, nikifika shule mitihani haifunguki. Na mimi niliuziwa na huyo huyo wa spika.

FundiKimya
Usichomoe mwalimu, 100% hiyo ni ya RAM. Fungua terminali:

```
grep -e Dirty -e Writeback /proc/meminfo
sync
```

Namba za mstari wa kwanza zikiwa kubwa maana yake mitihani bado iko kwenye RAM. `sync` ikimaliza na terminali ikakubali amri nyingine, Eject, ndo uchomoe.

Kipanga_Og
Sasa mama arudishe au asirudishe?

JembeLaZamani
Arudishe, 4 hiyo ni wizi.

FundiKimya
Kwa bei ya flashi za stendi nyingi ndivyo zilivyo. Hatapewa hela.

MamaStesheneri
Hela sitaki tena, nataka aniombe radhi na yule wa karanga awepo!

Kipanga_Og
Kwangu alishaniuzia chaja inapasha simu moto kuliko pasi, akaniambia simu yangu ndo ina homa.

ShangaziTena
Chaja afadhali. Mimi flashi yangu kwenye kompyuta inafunguka vizuri, nikiipeleka kwenye TV inaniambia haijasomeka, kijana kaifomati exFAT. Nirudishe FAT32 au TV ndo mbovu?

JembeLaZamani
Si nilisema mimi FAT32!

ShangaziTena
Lakini tamthilia zangu zingine zina GB 5 kila moja jamani