Tupeane uzoefu: Watu wazima tuliovimba ghafla tukaambiwa ni ugonjwa wa mabadiliko madogo ya figo

Fundi wa Mji Kasoro
Ndugu zangu, nina umri wa miaka 41 na nimefungua mada hii kwa sababu karibu kila maelezo niliyoyapata kuhusu ugonjwa huu yanahusu watoto, nami nilikaribia kuacha dawa kwa kujilinganisha nao.

Nilianza kwa kuamka kope zikiwa nzito. Jioni ya siku ya tatu viatu havikuingia, na nilipobonyeza muundi kwa kidole gumba shimo lilibaki hapo kwa muda mrefu. Ndani ya siku 9 uzito wangu ulitoka kilo 66 hadi kilo 79, korodani zikavimba kiasi cha kunifanya nitembee kwa kutanua miguu, na mkojo ukawa na povu lisiloondoka hata nikimwaga maji chooni. Duka la dawa waliniuzia vidonge vya kukojoza, nikakojoa sana siku mbili, kisha nikavimba kuliko mwanzo.

Hospitali walichovya kijiti kwenye mkojo, protini ikasoma alama 4. Albumini ya damu ilikuwa gramu 14 kwa lita, wakati inatakiwa izidi 35, kolesteroli ilikuwa juu sana, na kreatinini, uchafu wa damu unaotakiwa kuondolewa na figo, nayo ilikuwa imepanda. Waliponichukua kinyama cha figo, majibu yalisema kwamba chini ya darubini ya kawaida figo inaonekana nzima. Nilidhani wamenikosea sampuli.

Niliandikiwa prednisoloni miligramu 60 kila asubuhi baada ya chakula. Wiki ya 4 protini ilikuwa bado alama 3. Wiki ya 8 ikawa alama 2. Wiki ya 11 kijiti hakikubadilika rangi kabisa. Naomba wengine mtueleze kwenu ilikuwaje.

Mama wa Watatu
Pole sana kaka. Mwanangu wa pili aliugua akiwa na miaka 4. Hakuchukuliwa kinyama, alianzishwa dawa siku ileile, na siku ya 11 mkojo ulikuwa safi. Daktari wake alituambia kwamba ikipita mwezi mmoja hadi wiki 6 bila mabadiliko, figo imekataa dawa. Ndiyo maana nashangaa walivyokuacha unameza vidonge wiki 11. Nilisikia pia kwamba mtu mzima akipata ugonjwa huu mwisho wake ni kusafishwa damu.

Muuguzi wa Kliniki ya Figo
Dada, uliyoambiwa kuhusu mwanao ni sahihi, ila hayamhusu ndugu yetu. Mtoto mdogo akivimba hivyo, mara nyingi sana ni ugonjwa huu, kwa hiyo tunaanza dawa na majibu ya dawa yenyewe yanatuthibitishia. Kwa watu wazima wanaovuja protini namna hii, ugonjwa huu ni kama 10 hadi 15 katika kila 100. Waliobaki wana makovu kwenye vichujio vya figo, kisukari, lupasi, homa ya ini aina ya B na mengineyo ambayo tiba zake ni tofauti. Ndiyo sababu ya kinyama.

Kuhusu muda, mtu mzima huchelewa. Kwa takriban nusu yao, protini huwa imekoma ifikapo wiki ya 4, na wengi wa waliobaki hufuata polepole, kwa hiyo hatusemi figo imekataa dawa mpaka wiki 16 zipite kwa dozi kamili. Nimeona watu walioacha wiki ya 5 kwa kukata tamaa, wakarudi wamevimba, na hakuna awezaye kusema kama dawa ilishindwa au haikupewa nafasi.

Ama majibu ya kinyama, hawakukosea. Kasoro iko kwenye vijiguu vya seli zinazozunguka kichujio, ambavyo hulala na kuungana, na hilo huonekana kwa darubini ya elektroni pekee, isiyopatikana kila mahali. Hata hivyo, figo ikikataa dawa baada ya wiki 16 tunajiuliza upya, kwa kuwa makovu huanza kwenye vichujio vichache na sindano inaweza kuvikosa.

Suala la kusafishwa damu lina ukweli nusu. Kreatinini ya mtu mzima hupanda mwanzoni mara nyingi kuliko ya mtoto, hasa mwenye umri mkubwa au presha, na wachache huhitaji mashine kwa muda. Protini ikikoma, figo kwa kawaida hurudi. Anayeitikia dawa ni nadra kuishia kwenye kushindwa kwa figo kwa kudumu.

Mzee wa Bandarini
Mimi nina miaka 67, miguu yangu huvimba kila jioni huu mwaka wa tatu, asubuhi huwa imepungua. Natumia amlodipini ya presha. Je, nami nianze hiyo prednisoloni?

Muuguzi wa Kliniki ya Figo
Hapana, mzee wangu, shikamoo. Uvimbe wa miaka mitatu kwenye vifundo si tunaouzungumzia hapa, na amlodipini yenyewe huvimbisha miguu. Hata hivyo, mwambie daktari wako apime mkojo kwa kijiti. Ni kipimo cha dakika mbili.

Mpemba wa Maskati
Mimi nilianza nikiwa na miaka 29, huku Omani. Jambo ambalo sikuambiwa mapema ni damu kuganda. Wiki ya pili shavu la mguu wa kushoto liliniuma na kuvimba kuliko la kulia, nikadhani ni uvimbe uleule. Kumbe lilikuwa donge la damu kwenye mshipa. Uvimbe wa ugonjwa huu hushika miguu yote miwili, kwa hiyo mguu mmoja ukizidi mwenzake, usingoje miadi ya kliniki.

Niliitikia dawa wiki ya 6, lakini ugonjwa umenirudia mara 3. Prednisoloni ilininyima usingizi, ikanipandisha sukari na kunifanya mkali nyumbani. Sasa natumia takrolimasi. Inafanya kazi, ila kila tukijaribu kuipunguza protini inachungulia tena. Daktari ametaja rituksimabu, na bei yake imenifanya ninyamaze.

Fundi wa Mji Kasoro
Swali kwa muuguzi. Kabla ya kuvimba nilikuwa nimetumia diklofenaki ya mgongo kwa wiki tatu. Inawezekana ndiyo chanzo?

Muuguzi wa Kliniki ya Figo
Inawezekana. Dawa za maumivu za kundi hilo zinajulikana kuleta ugonjwa huu, na wengine hupona kwa kuziacha tu. Kwako siwezi kusema, kwa kuwa uliiacha na kuanza prednisoloni kwa wakati mmoja. Usiiguse tena. Nami nakuuliza: ulipewa ivermektini kabla ya kuanza? Katika maeneo yetu kuna minyoo ya strongiloidesi inayokaa mwilini kimya miaka mingi, na dozi kubwa ya prednisoloni inaweza kuiachia isambae mwili mzima. Kifua kikuu nacho hutafutwa mapema.

Mama wa Watatu
Basi nimejifunza. Wangu alirudiwa mara 4, ya mwisho akiwa na miaka 9, na sasa yuko kidato cha pili bila dawa. Watu wazima nao hufika umri wa kuuacha?

Muuguzi wa Kliniki ya Figo
Watoto wengi huuacha wakikaribia utu uzima. Kwa mtu mzima hatuna umri wa kumwahidi. Zaidi ya nusu hurudiwa angalau mara moja, wengine baada ya miezi, wengine baada ya miaka. Ukirudi, mara nyingi huitikia tena dawa ileile.

Fundi wa Mji Kasoro
Ivermektini sikupewa, nitauliza. Dawa nilipunguziwa polepole na niliimaliza Februari. Nina kopo la vijiti bafuni na mizani chini ya kitanda. Wiki iliyopita nilipata mafua, uzito ukapanda kilo moja na nusu, na kijiti kikasoma alama 1 kwa siku mbili. Kliniki wameniambia nipime kila asubuhi, nisianze dawa kwa akili yangu, na nifike mara moja ikisoma alama 3 siku tatu mfululizo. Leo asubuhi imesoma alama 1 tena. Kuna aliyewahi kuona ikishuka yenyewe?